Ripoti Yako Imebeba Mauzo Yote? Hesabu Mistari, Kisha Linganisha Jumla

Mwezi ukiisha, wafanyabiashara wengi wanaotumia tili yetu hufanya jambo lile lile: wanapakua taarifa ya miamala, wanainakili kwenye Excel, wanaipanga kwa siku, halafu wanatazama jumla iliyo chini. Jumla hiyo ndiyo wanayopelekea mhasibu, ndiyo wanayoonyesha benki wakiomba mkopo, na ndiyo wanayogawana na mshirika wa biashara. Swali ambalo karibu hakuna anayejiuliza ni hili: miamala yote iliyokuwa kwenye taarifa ilifika kwenye ripoti? Au kuna iliyodondoka njiani?

Leo tunataka kukuonyesha jinsi ya kujibu swali hilo kwa ushahidi, si kwa kukisia. Njia yenyewe ni ya zamani, wahasibu waliitumia kabla ya simu za mkononi kuwepo. Unahesabu mistari ya pande mbili, unajumlisha pesa za pande mbili, kisha unalinganisha. Jumla inayotumika kukagua hivi inaitwa jumla ya udhibiti. Hatuichukui ili kujua tumeuza kiasi gani. Tunaichukua ili kujua kama kuna kitu kimepotea kati ya jedwali la chanzo na jedwali la ripoti.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka mmoja na mhudumu mmoja kaunta, mwezi wa Septemba. Takwimu tumezitunga sisi kwa ajili ya somo, lakini makosa yaliyomo ni yale tunayokutana nayo kila mara wateja wanapotupigia kusema "pesa zangu hazilingani."

Kwanza, chanzo chenyewe kiko sawa?

Kitabu cha Excel cha duka hili kina karatasi mbili. Ya kwanza inaitwa `Taarifa`, na ndiyo chanzo: miamala kama ilivyotoka kwetu, haijaguswa. Safu ya A ina `Receipt No.`, B ina `Completion Time`, E ina `Paid In`, F ina `Withdrawn` na G ina `Balance`. Ya pili inaitwa `Ripoti`. Hiyo hujazwa na mhudumu kila jioni: safu ya A tarehe, B namba ya risiti, C kiasi.

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha chanzo kimekamilika. Ukipima ripoti kwa taarifa ambayo yenyewe imekatika, utapata jibu safi lisilo na maana. Kwa bahati nzuri taarifa ya miamala hujikagua yenyewe. Chukua salio la kufungua mwezi, ongeza zote zilizoingia, toa zote zilizotoka. Unapaswa kupata salio la kufunga mwezi, hadi senti ya mwisho.

Salio la duka letu usiku wa tarehe 31 Agosti lilikuwa shilingi 12,400. Septemba ziliingia 1,486,350 na zikatoka 1,479,200, nyingi zikienda benki. Sasa 12,400 ukiongeza 1,486,350 ni 1,498,750. Ukitoa 1,479,200 zinabaki 19,550. Salio la muamala wa mwisho wa tarehe 30 Septemba linasema 19,550. Chanzo kiko sawa, tunaendelea.

Isingetoka hivyo, tungesimama hapo hapo. Mara nyingi sababu huwa rahisi: umepakua kuanzia tarehe 2 badala ya tarehe 1, au ulipokuwa unanakili kutoka kwa faili la kurasa nyingi ukaruka ukurasa mmoja.

Linganisha vitu vya aina moja

Karatasi ya `Taarifa` ina mistari 1,248 chini ya kichwa. Mwenye duka anaweza kuihesabu hivi:

```
=COUNTA(Taarifa!A2:A1249)
```

Akifanya hivyo kwenye `Ripoti` anapata 1,231. Hapa wengi hushtuka: mistari 17 imeenda wapi? Haijaenda popote. Ripoti ya duka ni ya pesa zilizoingia pekee, ilhali taarifa ina zilizoingia na zilizotoka. Zile 17 ni uhamisho wa kwenda benki pamoja na ada zake. Ada huandikwa kwenye mstari wake yenyewe ikiwa na namba ile ile ya risiti, kwa hivyo uhamisho mmoja waweza kukupa mistari miwili. Kwa hiyo tunahesabu tu mistari ambayo kitu kiliingia:

```
=COUNTIF(Taarifa!E2:E1249,">0")
```

Jibu: 1,231. Sawa kabisa na ripoti.

Amua mapema ripoti yako inabeba nini, kabla hujaanza kulinganisha. Muamala uliorudishwa kwa mteja ni mfano mzuri. Kwenye taarifa unaonekana mara mbili, kwanza ukiingia, baadaye ukitoka. Kama ripoti yako ni ya "zilizoingia", mstari wa kwanza ubaki. Kama ni ya "mauzo halisi", itabidi utoe. Ukichanganya, utapata tofauti ambayo si hasara bali ni kutoelewana kati yako na ripoti yako mwenyewe, na utapoteza jioni nzima ukiitafuta.

Mistari imelingana, pesa zimekataa

Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga. Mwenye duka ameona 1,231 kwa 1,231, anataka kufunga kompyuta akalale. Tunamwomba afanye jambo moja zaidi, ajumlishe pesa za pande mbili:

```
=SUM(Taarifa!E2:E1249)
=SUM(Ripoti!C2:C1232)
```

Ya kwanza inatoa 1,486,350. Ya pili inatoa 1,474,850. Ripoti imepungukiwa na shilingi 11,500.

Inawezekanaje mistari ikalingana na pesa zisilingane? Kuna njia mbili. Huenda mstari upo lakini kiasi chake kimeharibika. Au kuna mistari iliyopotea, na mingine isiyostahili kuwepo ikajaza nafasi yake, hivi kwamba idadi inatoka sawa kwa bahati tu. Ndiyo maana hatuhesabu mistari peke yake, wala hatujumlishi pesa peke yake.

Kinachofuata ni kishawishi ambacho tunakijua vizuri. Mwenye duka anatafuta muamala wa shilingi 11,500 ndani ya taarifa. Hakuna. Anatafuta miwili inayofika 11,500, anakuta mingi mno. Amechoka, kwa hivyo anataka kuongeza mstari mmoja chini ya ripoti, aandike "marekebisho 11,500", na jumla ilingane. Tafadhali usifanye hivyo. Hiyo 11,500 huenda si kitu kimoja. Inaweza kuwa kilichobaki baada ya makosa kadhaa kupunguzana, na ukiifunika umefunika yote yaliyo chini yake.

Ikate kwa siku

Jumla ya mwezi inakuambia kuna tatizo, haikuambii liko wapi. Kwa hiyo tunaikata vipande. Fungua karatasi ya tatu, iite `Ukaguzi`, andika tarehe 1 hadi 30 kwenye safu ya A kuanzia mstari wa 2. Kisha kwa kila tarehe chukua idadi na jumla kutoka kila upande. Kwa upande wa chanzo, ambako tarehe imeandikwa pamoja na saa, fomula ni hizi:

```
=COUNTIFS(Taarifa!B:B,">="&A2,Taarifa!B:B,"<"&A2+1,Taarifa!E:E,">0")
=SUMIFS(Taarifa!E:E,Taarifa!B:B,">="&A2,Taarifa!B:B,"<"&A2+1)
```

Maana yake kwa lugha ya kawaida: nipe mistari yote kuanzia usiku wa manane wa tarehe hii hadi kabla ya usiku wa manane wa tarehe inayofuata. Kwa upande wa ripoti, ambako mhudumu huandika tarehe bila saa, ni fupi zaidi:

```
=COUNTIF(Ripoti!A:A,A2)
=SUMIF(Ripoti!A:A,A2,Ripoti!C:C)
```

Ukiona sufuri siku zote 30 upande wa chanzo, usiogope. Excel imesoma tarehe zako kama maandishi. Itabidi uzigeuze ziwe tarehe halisi kwanza, ndipo fomula izione.

Duka letu lilipofanya hivyo, siku 26 zililingana mistari na pesa. Siku nne zikakataa:

| Septemba | Mistari, chanzo | Mistari, ripoti | Pesa, chanzo | Pesa, ripoti | Tofauti |
|---|---|---|---|---|---|
| 14 | 39 | 41 | 46,200 | 48,250 | +2,050 |
| 21 | 40 | 40 | 51,750 | 47,250 | −4,500 |
| 24 | 38 | 39 | 44,900 | 52,700 | +7,800 |
| 30 | 44 | 41 | 63,900 | 47,050 | −16,850 |

Jumlisha safu ya mwisho: unapata −11,500, ile ile tuliyoanza nayo. Hilo lenyewe ni uthibitisho kwamba hakuna siku ya tano iliyojificha. Tazama pia mistari. Tarehe 14 imezidi miwili, tarehe 24 imezidi mmoja, tarehe 30 imepungua mitatu. Mitatu ya ziada imeficha mitatu iliyopotea, ndiyo maana 1,231 ilitudanganya.

Sasa nenda risiti kwa risiti

Sasa tunajua siku. Tunataka kujua ni muamala upi. Namba ya risiti haijirudii kati ya malipo mawili ya wateja, kwa hivyo tunaiuliza kila namba ya chanzo: wewe uko mara ngapi kwenye ripoti? Weka fomula hii kwenye safu tupu ya `Taarifa`, uishushe hadi chini:

```
=COUNTIF(Ripoti!B:B,A2)
```

Ukipata 1, muamala umefika. Ukipata 0, umepotea. Ukipata 2, umeandikwa mara mbili. Usisumbuke na sufuri za mistari ya pesa zilizotoka, hizo hazikutarajiwa kwenye ripoti. Na kama mstari unaujua upo lakini unakupa 0, angalia nafasi tupu iliyoingia baada ya namba wakati wa kubandika. Jicho haliioni, Excel inaiona.

Tarehe 14 ikatoa namba mbili zenye jibu 2: shilingi 1,200 na shilingi 850. Mhudumu alipakua taarifa mara mbili siku hiyo, mchana na jioni. Ile ya jioni ilianza nyuma kidogo ya pale ya mchana ilipoishia, miamala miwili ikabandikwa tena.

Tarehe 30 ikatoa sufuri tatu: 9,500, 6,200 na 1,150, zote zikiwa zimeingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku hiyo mhudumu alikuwa na haraka ya kufunga mwezi, akapakua taarifa saa kumi na mbili na nusu, ilhali duka lilifungwa saa mbili usiku. Kesho yake akaanza Oktoba kwenye karatasi mpya. Mauzo matatu ya mwisho ya Septemba hayakuingia Septemba wala Oktoba. Kama kuna kosa moja tungependa uliondoe leo, ni hili: taarifa ya siku ipakue siku ikishaisha, yaani asubuhi ya kesho yake.

Tarehe 21 haikutoa chochote, kila namba ina 1. Mistari 40 kwa 40, lakini 4,500 haipo. Hapa ndipo mstari upo na kiasi kimeharibika. Jaribu hizi mbili:

```
=COUNTA(Ripoti!B2:B1232)
=COUNT(Ripoti!C2:C1232)
```

Ya kwanza huhesabu kila kisanduku chenye kitu chochote, ya pili huhesabu namba tu. Zikatoka 1,231 na 1,230. Kuna kisanduku kimoja kwenye safu ya kiasi ambacho wewe unaona pesa lakini Excel inaona maandishi. Siku ile mtandao ulisumbua kidogo, mhudumu akaandika mauzo kwenye daftari la kaunta, kisha akayaingiza kwa mkono kama alivyozoea kuandika kwenye daftari: `4,500/-`. Ule mkwaju na kistari vimegeuza kiasi kuwa maneno, na `SUM` huruka maneno bila kukupigia kelele. Ukiangalia kwa makini utaona kimelalia kushoto mwa kisanduku, wakati namba za kweli zimelalia kulia.

Tumeacha tarehe 24 makusudi.

Mstari uliopo kwenye ripoti na haupo kwenye chanzo

Kufikia hapa tumekuwa tukiuliza upande mmoja tu: kila kilichopo kwenye chanzo kimefika? Tarehe 24 ripoti ina mstari wa ziada, lakini hakuna namba ya chanzo iliyotoa 2. Kwa hiyo tunageuza swali. Kwenye safu tupu ya `Ripoti`:

```
=COUNTIF(Taarifa!A:A,B2)
```

Mstari mmoja ukatoa 0. Shilingi 7,800, namba ya risiti ipo, tarehe ipo, lakini kwenye taarifa ya tili namba hiyo haijulikani. Mchana wa siku hiyo mtandao ulipotea tena. Mteja alichukua bidhaa, akaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na mhudumu akanakili namba kutoka kwenye ujumbe huo.

Kabla hujamwita mtu mwizi, pitia maelezo mengine yanayowezekana. La kwanza ni kosa la kunakili. Herufi O na sufuri hufanana, I na 1 pia. Lakini kosa la aina hiyo huacha alama pande zote mbili: namba iliyokosewa inaonekana ya ziada kwenye ripoti, na namba sahihi inaonekana imepotea kwenye chanzo, siku ile ile, kiasi kile kile. Jumla ya siku ingebaki sawa. Hapa jumla imezidi 7,800 na hakuna namba ya chanzo iliyopotea siku hiyo. Kwa hiyo si kosa la kunakili.

La pili, mteja alilipa kweli lakini kwenye tili nyingine, kwa kukosea tarakimu moja. La tatu, alilipa kwenye namba ya simu ya mwenye duka badala ya tili. Mambo haya mawili hutokea, na yote yanathibitishika. Tupigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya risiti, kiasi, na saa iliyoandikwa. Muamala ukiwa ulifanyika kwetu tunaweza kukuambia kama namba hiyo ipo na kama pesa zilifika kwenye tili yako.

Yote hayo yakikataa, linabaki la nne: ujumbe ulikuwa bandia. Ujumbe wa kughushi hufanana na wetu kwa kila neno, kwa sababu aliyeutunga amenakili wa kweli na kubadilisha kiasi. Asichoweza kubadilisha ni taarifa ya tili yako. Ndiyo sababu tunasema kila siku, usiachilie mzigo kwa kuangalia simu ya mteja. Angalia ujumbe uliofika kwenye simu ya tili, au angalia salio. Mtandao ukiwa haupo, bora mteja asubiri.

Tazama sasa nini kingetokea kama mwenye duka angeandika ule mstari wa "marekebisho 11,500". Ripoti ingelingana na taarifa hadi shilingi ya mwisho, na hizi 7,800 zingekaa humo zikihesabiwa kama mauzo, milele. Asingejua kwamba bidhaa zilitoka bila malipo.

Kusahihisha, kisha kuhesabu upya

Duka likaondoa mistari miwili iliyorudiwa, likageuza `4,500/-` kuwa 4500, likaongeza mauzo matatu ya tarehe 30, na ule wa 7,800 likautoa kwenye ripoti na kuuweka kwenye karatasi ya pembeni iitwayo `Zinazosubiri` hadi jibu lipatikane. Halikuufuta. Mistari: 1,231, toa miwili, toa mmoja, ongeza mitatu, ni 1,231 tena. Pesa: 1,474,850, toa 2,050 na 7,800, ongeza 16,850 na 4,500, ni 1,486,350. Idadi haikubadilika kabisa, lakini mistari iliyo ndani si ile ile.

Hesabu upya kila unapogusa kitu, hata kama umegusa kisanduku kimoja. Tumeona watu wakisahihisha kosa moja na kuzaa lingine kwa kufuta mstari wa jirani.

Na sisi pia tunakaguliwa hivi

Kuna wateja hutuuliza, "na nyinyi mnajuaje kwamba taarifa mnayonipa imekamilika?" Swali zuri. Miamala hukaa kwenye majedwali ya mfumo wa malipo. Kila usiku hunakiliwa kwenda kwenye majedwali mengine ambayo ndiyo yanazalisha ripoti. Baada ya kunakili, mfumo huhesabu mistari na kujumlisha pesa pande zote mbili kwa kila siku, zilizoingia kando na zilizotoka kando. Pande zikitofautiana hata kwa mstari mmoja, ripoti ya siku hiyo haitolewi hadi mtu aangalie.

Katika kazi hii, tofauti inayojirudia sana kwa mtu yeyote anayejenga mifumo ya aina hii ni ya saa. Kompyuta nyingi za seva hutunza muda wa dunia, yaani UTC, ambao uko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Muamala wa saa saba usiku wa tarehe 1 Oktoba hapa kwetu, kwa seva bado ni saa nne usiku wa tarehe 30 Septemba. Ukisahau kubadilisha, kila muamala wa kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku unaangukia siku ya nyuma. Dalili yake ni ya kipekee: siku nyingi hazilingani kidogo kidogo, lakini ukijumlisha mwezi mzima tofauti karibu inaisha, kwa sababu kinachotoka siku moja huingia siku ya jirani. Kinachobaki ni pembeni tu, mwanzo na mwisho wa mwezi. Ukiona sura hiyo kwenye karatasi yako ya `Ukaguzi`, hujapoteza pesa. Chunguza saa. Kwa duka linalofungwa saa mbili usiku haitakusumbua, lakini kwa klabu, kituo cha mafuta au duka la dawa la usiku kucha, itakusumbua.

Kile ambacho ukaguzi huu hauwezi kukuambia

Mistari ikilingana, pesa zikilingana na kila risiti ikipata mwenzake, umethibitisha kwamba ripoti imebeba kila kilichokuwa kwenye taarifa, bila nyongeza. Kuna kosa moja linaloweza kupenya hata hapo: viasi viwili vikibadilishana mahali ndani ya siku moja, huyu apewe cha yule. Jumla haitasema lolote. Kama unafuatilia madeni ya wateja mmoja mmoja, linganisha pia kiasi cha kila risiti, si uwepo wake tu.

Na kuna pesa ambazo hazitaonekana upande wowote. Mhudumu akimwambia mteja "tuma kwa namba hii yangu, tili inasumbua", mauzo hayo hayako kwenye taarifa na hayako kwenye ripoti. Pande mbili zitalingana vizuri sana. Hiyo utaikamata kwa kulinganisha kitu kingine kabisa, yaani bidhaa zilizotoka stoo dhidi ya mauzo yaliyoandikwa. Mwenye duka wetu alipomaliza Septemba aliweka mistari miwili juu kabisa ya `Ripoti`, idadi dhidi ya idadi na jumla dhidi ya jumla, visanduku vikigeuka vyekundu zikitofautiana. Kisha akaanza kuhesabu mifuko ya simiti.